Jinsi ya kuizuia kibodi ya simu isigeuze maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza

Tuanze na sentensi moja ya kawaida: “Leo hata wale wote waliokuwa hapa bado hawajarudi, kwa hiyo tutakutana tena kesho.” Ukiiandika kwa haraka kwenye simu ambayo kibodi yake inafahamu Kiingereza peke yake, inaweza kumfikia mwenzako hivi: “Leo hats whale wrote waliokuwa hapa bado hawajarudi, kwa hiyo tutakutana tens kesho.” Maneno manne yamegeuzwa, na yote manne ni mafupi. Yale marefu, ambayo mtu angedhani ndiyo yangeitatiza zaidi kibodi, yamepita salama, pengine yakipigiwa tu mstari mwekundu. Hilo si jambo la bahati, na ukilielewa utajua ni kitu gani cha kurekebisha na kipi cha kuacha.

Kila unapomaliza neno na kugusa kitufe cha nafasi, kibodi hulitafuta neno hilo katika kamusi ya lugha iliyowekewa. Isipolikuta, huchukulia kwamba kidole chako kimeteleza, kisha hutafuta neno inalolifahamu ambalo liko karibu zaidi na ulichoandika. Ukaribu huo hupimwa kwa herufi zilizoongezeka au kupungua, na pia kwa umbali wa vitufe. Kati ya “wote” na “wrote” pana herufi moja tu, na kati ya “wale” na “whale” vilevile. Ama “hata” na “tena”, hayo yameponzwa na herufi ya mwisho. Maneno ya Kiswahili ya asili huishia kwa irabu, mengi yao kwa “a”, na kitufe cha “a” kimepakana na kitufe cha “s”, ambayo ndiyo herufi ya wingi katika Kiingereza. Kwa hiyo “hata” huonekana kama “hats” iliyokosewa, “tena” kama “tens”, na “bata” kama “bats”. Neno refu kama “tutakutana” halina jirani wa aina hiyo katika Kiingereza, na kibodi isipopata jirani wa karibu huliacha neno kama lilivyo.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni usahihishaji wa kiotomatiki, yaani kule kubadilisha neno bila kukuuliza mara unapogusa kitufe cha nafasi au alama ya kituo. La pili ni mapendekezo, yaani yale maneno yanayojitokeza juu ya kibodi yakingoja uyachague, ambayo hayabadilishi chochote usipoyagusa. La tatu ni ukaguzi wa tahajia, ambao hupiga mstari mwekundu chini ya neno na kuishia hapo. Anayeharibu ujumbe wako ni huyo wa kwanza peke yake. Nimewaona watu waliozima mapendekezo yote kwa hasira, wakabaki wanaandika kila herufi kwa mkono, na huku msahihishaji mwenyewe bado anaendelea na kazi yake.

Hakikisha unarekebisha kibodi unayoitumia

Simu nyingi za Android huwa na kibodi mbili au zaidi kwa wakati mmoja, mathalani ile ya mtengenezaji wa simu na Gboard ya Google, na kila moja ina mipangilio yake, ambayo haiigusi nyingine. Hapa ndipo juhudi nyingi hupotelea, kwa kuwa mtu hupitia mipangilio mikuu ya simu, huifungua kibodi ya kwanza anayoiona, huzima usahihishaji, kisha hurudi kuandika kwa kibodi nyingine ambayo haikuguswa.

Njia ya kuepuka kosa hilo ni kuifikia mipangilio kutoka ndani ya kibodi yenyewe. Fungua programu yoyote ya kuandikia, gusa mahali pa kuandika ili kibodi ijitokeze, kisha utafute alama ya gurudumu lenye meno katika mstari ulio juu ya herufi. Ikiwa ni Gboard na alama hiyo haionekani, bonyeza kitufe cha mkato bila kuachia hadi kidirisha kidogo kitokeze, kisha utelezeshe kidole hadi kwenye gurudumu. Kwenye iPhone, bonyeza bila kuachia kitufe chenye alama ya tufe au ya uso unaotabasamu, halafu uchague “Keyboard Settings”. Kwa njia hii ukurasa utakaofunguka utakuwa ni wa kibodi ile ile iliyoko chini ya vidole vyako.

Majina ya mipangilio nitakayoyataja ni yale yanayosomeka simu ikiwa katika Kiingereza. Yanaweza kutofautiana kidogo kati ya toleo moja na jingine, lakini mpangilio wake hauhami mbali.

Iongezee kibodi kamusi ya Kiswahili

Katika Gboard, gusa “Languages”, halafu “Add keyboard”, kisha uandike “Swahili” katika sehemu ya kutafutia. Kiswahili kinaweza kuonekana zaidi ya mara moja, kila mara kikiwa na jina la nchi pembeni. Chagua kile cha nchi ambayo tahajia na msamiati wake unaufuata, ubakize mpangilio wa herufi wa QWERTY, kisha uguse “Done”. Simu ikiwa na intaneti, data za lugha hiyo hupakuliwa zenyewe, kwa hiyo usihukumu matokeo katika dakika ya kwanza.

Sasa una lugha mbili, na inakubidi uamue zikae vipi pamoja. Njia mojawapo ni kuziweka kama kibodi mbili zinazopokezana, ambapo unabadilisha lugha kwa kugusa alama ya tufe au kwa kubonyeza kitufe cha nafasi bila kuachia, na lugha inayotumika husomeka juu ya kitufe hicho cha nafasi. Njia nyingine ni kuingia tena katika “Languages”, kugusa lugha uliyoiongeza, na kuwasha “Multilingual typing”, ili kibodi moja itazame kamusi zote mbili kwa pamoja. Anayechanganya lugha ndani ya sentensi moja atastareheka zaidi na njia hii ya pili. Anayeandika barua nzima kwa Kiswahili na nyingine nzima kwa Kiingereza atapata matokeo safi zaidi kwa kupokezana, mradi akumbuke kubadilisha, jambo ambalo mimi binafsi hulisahau karibu kila mara.

Hakuna haja ya kubadilisha lugha ya simu nzima kwa ajili ya kazi hii. Lugha ya menyu na lugha ya kibodi huweza kutofautiana bila tatizo lolote.

Kwenye kibodi ya Samsung, safari huanzia “Settings”, kisha “General management”, “Samsung Keyboard settings”, “Languages and types”, na hatimaye “Manage input languages”, ambapo unapakua lugha na kuiwasha. Kwenye iPhone, pitia “Settings”, “General”, “Keyboard”, “Keyboards”, halafu “Add New Keyboard” na uchague Kiswahili katika orodha, kisha utumie alama ya tufe kuhamia katika kibodi hiyo unapoandika.

Baada ya hatua hii, rudi kwenye sentensi yetu uiandike upya. Maneno kama “hata”, “wale”, “wote” na “tena” ni ya kila siku, nayo kamusi yoyote ya Kiswahili huwa nayo, kwa hiyo yanatarajiwa kubaki yalivyo. Wengi huishia hapa na kuona kazi imekwisha. Imekwisha kwa maneno mafupi, lakini kamusi hiyo mpya huja na tatizo lake.

Kwa nini kamusi ya Kiswahili peke yake haitoshi

Kamusi ya kibodi, kwa sehemu kubwa, ni orodha ya maneno kamili. Kwa Kiingereza mpango huu unafaa, kwa kuwa kitenzi kimoja huwa na maumbo machache. Kitenzi cha Kiswahili hakihesabiki hivyo. Chukua “pigia”. Kina nafsi sita za mtenda, na ukizipitisha katika nyakati nne tu, yaani “na”, “li”, “ta” na “me”, unapata maumbo 24. Ongeza nafsi sita za mtendwa, uondoe yale maumbo ambayo mtu hujitendea mwenyewe na ambayo huchukua “ji”, na bado unabaki na zaidi ya 100. Hapo hatujagusa ukanushi, wala ngeli za vitu, wala viambishi kama “po” na “ye” vya urejeshi, wala “pigiana” na “pigiwa”. Hakuna orodha itakayoyabeba yote, na umbo ambalo halimo katika orodha huhesabiwa kuwa kosa.

Matokeo yake ni aina mpya ya makosa, ambayo naiona mbaya kuliko ile ya kwanza. Tuseme umeandika “Atampigia jioni”, na kamusi haina “atampigia” bali ina “atampiga”. Tofauti ni herufi moja, na kibodi ikiliona lako kuwa kosa, itaweka hilo jingine. Aliyeahidi kumpigia mtu simu sasa anatishia kumpiga. Msomaji akikuta “hats” katikati ya sentensi ya Kiswahili hujua mara moja kwamba ni simu, akatabasamu na kuendelea. Akikuta “atampiga” hana sababu ya kushuku, maana ni Kiswahili fasaha kabisa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu anayeandika zaidi kwa Kiswahili ni kuweka kamusi ya Kiswahili kwa ajili ya mapendekezo, na kuzima usahihishaji wa kiotomatiki kabisa. Kamusi hiyo ibaki kuwa mpendekezaji, isiwe mwamuzi.

Zima usahihishaji, acha mapendekezo

Katika Gboard, rudi kwenye ukurasa wa kwanza wa mipangilio na ufungue “Text correction”, ambayo katika matoleo mapya inaitwa “Corrections & suggestions”. Shuka hadi uione swichi ya “Auto-correction” na uizime. Swichi inayoleta mstari wa mapendekezo iache ikiwa imewashwa. Ukurasa huo huo una “Auto-capitalization”, ambayo wengine huizima wakitumaini kwamba “leo” haitageuka “Leo” na “nina” haitageuka “Nina” katikati ya sentensi. Haitasaidia. Swichi hiyo inahusu mwanzo wa sentensi, ilhali “Leo” na “Nina” yametoka katika kamusi ya Kiingereza kama majina ya watu, na aliyeyaleta ni usahihishaji uliokwisha kuuzima.

Kwenye kibodi ya Samsung swichi inayohusika inaitwa “Auto replace”, nayo imo katika ukurasa ule ule wa mipangilio ya kibodi. Kwenye iPhone ni “Auto-Correction”, chini ya “General” na “Keyboard”, na ukiizima unaweza kuiacha “Predictive Text” iendelee kukupa mapendekezo.

Siku mbili tatu za kwanza utaona makosa yako halisi yakiongezeka, kwa sababu hakuna anayekusahihishia vidole tena. Hapo ndipo mstari wa mapendekezo unapofaa. Ukiandika “tutak” na kuona “tutakutana” juu, gusa hilo neno badala ya kumalizia herufi. Kibodi nyingi pia hujifunza maumbo unayoyaandika mara kwa mara, hivyo mapendekezo huanza kukufuata kadiri unavyoandika.

Ikiwa huwezi kuishi bila usahihishaji

Wapo wanaoandika Kiingereza cha kikazi kutwa nzima kwenye simu hiyo hiyo, na kwao kuzima usahihishaji ni hasara. Kwa watu hawa njia inayofaa ni kuuacha umewashwa na kuyakinga maneno yale yanayoshambuliwa zaidi, ambayo, kama tulivyoona, ni yale mafupi, hasa ya herufi tatu hadi tano. Usijaribu kuingiza vitenzi vilivyonyambuliwa, kwa kuwa hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba hutavimaliza. Ingiza viunganishi, vielezi na vionyeshi ambavyo unavitumia kila siku, pamoja na majina ya watu na mahali unayoyaandika mara kwa mara. Kwa siku chache andika pembeni kila neno linalogeuzwa, na orodha yako itakuwa imejiandaa yenyewe. Huenda isizidi maneno thelathini.

Katika Gboard, fungua “Dictionary”, kisha “Personal dictionary”, chagua lugha au “All languages”, na uguse alama ya kujumlisha. Andika neno katika nafasi ya kwanza, kwa herufi ndogo ikiwa si jina, na ile nafasi ya ufupisho unaweza kuiacha wazi. Kuchagua lugha zote ni bora kuliko lugha moja, kwani neno hulindwa hata pale unaposahau kubadilisha kibodi. Kwenye iPhone kazi hiyo hufanywa katika “Text Replacement”: gusa alama ya kujumlisha, andika neno katika “Phrase”, acha “Shortcut” wazi, halafu uhifadhi.

Nafasi hiyo ya ufupisho ina manufaa yake kwa Kiswahili. Maneno yenye ritifaa kama “ng’ombe” na “ng’ambo” huchosha kwenye simu, kwa kuwa alama hiyo mara nyingi imefichwa katika ukurasa wa pili wa vitufe. Ukiingiza “ng’ombe” na ufupisho wake “ngombe”, utaandika bila ritifaa na kibodi itakupatia umbo sahihi.

Upo pia msaada wa papo hapo, neno linapogeuzwa nawe ukaliona. Katika Gboard, gusa kitufe cha kufutia mara moja tu mara baada ya badiliko, kabla ya kuandika herufi nyingine, na neno lako la awali hurudi ikiwa kipengele hicho kimewashwa katika mipangilio ya usahihishaji. Kwenye iPhone zenye iOS 17 na kuendelea, neno lililobadilishwa hupigiwa mstari kwa muda mfupi, na ukiligusa unaoneshwa lile uliloandika ili ulirudishe. Unaweza pia kuzuia badiliko kabla halijatokea: kwenye iPhone, ulichoandika huonekana upande wa kushoto wa mapendekezo kikiwa ndani ya alama za nukuu, na ukikigusa kibodi hukiacha.

Tatizo likiendelea

Andika tena ile sentensi ya mwanzo, polepole, ukiangalia kila neno unapogusa kitufe cha nafasi. Neno likigeuka ilhali umezima usahihishaji, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba kibodi iliyo mbele yako si ile uliyoirekebisha. Simu huweza kubadilisha kibodi baada ya kusakinisha programu mpya ya kuandikia, au wewe mwenyewe unaweza kuwa umegusa kwa bahati mbaya alama ya kibodi iliyo chini ya skrini.

Ikiwa kibodi ni ile ile, lakini neno la ajabu linazidi kujitokeza katika mapendekezo na kidole chako hulichagua bila kukusudia, basi kibodi imelijifunza. Ulipoacha “tens” ipite mara kadhaa bila kuirekebisha, ulikuwa unaifundisha kwamba ndilo neno unalolitaka. Katika Gboard, libonyeze neno hilo kwenye mstari wa mapendekezo bila kuachia, kisha uliburute hadi kwenye alama ya pipa la taka inayotokea. Yakiwa ni mengi kiasi cha kuchosha, ingia “Privacy” na uchague “Delete learned words and data”, ambapo utaombwa kuandika namba inayoonekana kwenye skrini kabla ya kufuta. Hatua hiyo hufuta pia mazuri yote ambayo kibodi imejifunza kutoka kwako, kwa hiyo iwe ya mwisho. Kwenye iPhone hatua kama hiyo inaitwa “Reset Keyboard Dictionary”, nayo iko chini ya “General”, “Transfer or Reset iPhone”, kisha “Reset”. Soma mara mbili kabla ya kugusa, maana katika orodha hiyo hiyo mna chaguo za kufuta mambo mengine ya simu ambayo hayahusiani na kibodi.

Na ikiwa neno halibadiliki bali linapigiwa tu mstari mwekundu, huyo ni mkaguzi wa tahajia, wala hana uwezo wa kugusa ujumbe wako. Mstari huo hauendi kwa anayeusoma. Ukikukera, uzime katika ukurasa ule ule wa usahihishaji, kwenye swichi ya “Spell check”, au kwenye iPhone katika “Check Spelling”. Mimi nimeuacha, kwa sababu katika maneno marefu kama “waliokuwa” na “hawajarudi” ndiyo njia pekee iliyobaki ya kunishtua pale ninapokuwa nimekosea kweli.